Sekunde Nane za Tone la Maji

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru niliajiriwa kuandika maelezo ya sinema za kilimo, kwa majaribio ya filamu moja tu. Ikiwachosha wakulima, ningerudi kwenye taipureta, na taipureta nilikuwa nimeichoka hadi mifupani. Filamu ilihusu mvua inavyochukua udongo wa mashamba. Kwa kiherehere changu, niliandika “polepole”, yaani picha ipunguzwe mwendo, mahali sita: jembe likiinuliwa, mama akibeba mtungi, hata ng'ombe akicheua.

Mpiga picha, mtu mzima asiye na mzaha, alizifuta zote isipokuwa moja. Ng'ombe, alisema, mbona yuko polepole tayari? “Punguza mwendo wa kile ambacho jicho linakikosa.” Akabakiza tone la mvua likigonga shamba tupu. Nilinuna siku nzima, ingawa alisema kweli.

Tulipiga picha hiyo huko Shinyalu, kwa maji ya mkebe uliotobolewa. Kamera ilikimbia picha sitini na nne kwa sekunde. Projekta ikizionyesha ishirini na nne, sekunde tatu zinakuwa nane. Tone lilipokwisha kurusha udongo, mpiga picha alirudisha mwendo wa kawaida bila kukata, huku maji yakiteremka. Mkono mmoja ulizungusha kidude cha kasi, mwingine ukabana tundu la lenzi, maana kamera ikipunguza mbio mwanga huzidi.

Mimi sasa! Nilikuwa nimeandika maneno ya sekunde tatu. Kwenye mazoezi, msomaji wetu, aliyetafsiri papo hapo kwa Kiluhya kwenye kipaza sauti, alimaliza tone likiwa bado linapasuka. Nikaogopa ule ukimya, nikaujaza maneno ya serikali, matuta na ujenzi wa taifa. Kisha nikamwuliza mama aliyetupikia chai ameona nini. Akasema amesikia habari za serikali. Tone hakuliona. Niliona haya, jamani.

Nikafuta yote, nikaacha sentensi moja kabla ya tone: “Tazama shamba lako likinyeshewa.” Maneno mengine yangeanza mwendo wa kawaida ukirudi. Msomaji alilalamika kwamba watu watadhani mashine imeharibika.

Tulionyesha mchana, katika ukumbi wa kanisa, mablanketi yakiziba madirisha. Tone likaanguka. Kwenye sekunde ya tano msomaji alifungua mdomo, nikamshika mkono kwa nguvu. Udongo uliruka, ukatawanyika, kisha maji ya kahawia yakateremka kwa kasi. Kabla msomaji hajasema neno, mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, “Huo udongo ulioruka, unarudi?”

Msomaji akanitazama.

“Haurudi, mama,” nikajibu.

“Basi rudisheni hapo. Nataka mzee wangu aone. Ananiambianga shamba letu halipungui.”

Mkanda ukarudishwa. Mume wake akasogea mbele, akainama karibu na kitambaa cha kuonyeshea sinema. Mkubwa wangu, ambaye ndiye angeamua kama nibaki au nirudi kwenye taipureta, alisimama kule nyuma ili naye aone vizuri. Hapo ndipo nilipojua kazi ninayo.