Mia Moja Iliyorudi Tisini na Nane

Tulimwita Daftari kwa kuandika kila kitu. Alijaribu michezo ya kompyuta kutafuta makosa kwa miaka kumi na moja, na bosi alipomsifu binti mpya, mwandishi wa programu, wivu ukamkaba.

Akautafutia mchezo wa binti huyo kosa. Shujaa alipokatizwa kabla ya kumaliza uganga, mana, yaani akiba ya nguvu za uganga, haikupungua; hapo palikuwa sawa. Kisha akampa dawa mbili, kila moja ya kuongeza nguvu asilimia kumi. Nguvu mia ikawa mia ishirini na moja. Dawa zilipoisha, ikarudi tisini na nane na ushee.

“Dada,” Daftari akamwambia, “dawa ikiisha unatoa asilimia kumi ya kilichopo. Iache mia ya asili, ukokotoe upya kila dawa inapoisha.”

Binti akarekebisha. “Bosi, kosa langu kaliona Daftari.”

Wivu wa Daftari ukazidi. Angekuwa yeye aliyekosea, angenyamaza.