Bi Itakuwaje na Chupa Mbili

Ofisini walimwita Bi Itakuwaje, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kusoma nyaraka zinazoeleza mfumo wa kompyuta utafanya nini, na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyependa kuyasikia. Itakuwaje mtandao ukikatika katikati? Itakuwaje mtu akibonyeza mara mbili? Itakuwaje mgonjwa mmoja akiandikishwa kwa namba mbili? Alikuwa akiuliza hivyo kwa miaka kumi na mmoja, kwenye meza ile ile ya dirishani, ghorofa ya tatu juu ya duka la vioo, na bado watu walishtuka kila alipofungua mdomo.

Alikuwa na desturi yake. Pembeni ya kila sentensi ya waraka aliandika jaribio moja kwa penseli: nitafanya nini, na nitarajie kuona nini. Akishindwa kuandika jaribio, sentensi inarudi kwa mwenyewe. "Mfumo utakuwa rahisi kutumia." Rahisi kwa nani? Baada ya kufundishwa saa ngapi? Mchambuzi, yule bwana aliyeziandika nyaraka hizo, alikuwa akishika kichwa. "Dada yangu, wewe hata ukipewa maji ya kunywa utauliza ni maji kiasi gani." Naye hujibu, "Ndiyo. Kiasi gani?" Watu wanacheka, sentensi inarekebishwa, maisha yanaendelea.

Tatizo lilikuwa Mkurugenzi. Huyu walimwita Leo-leo, kwa kuwa hakujua siku nyingine. Hospitali ilipotaka mfumo wa kutunza na kugawa damu, Leo-leo aliona kusubiri waraka mzima ni kupoteza muda, akaagiza uletwe vipande vipande. Kipande kikiandikwa, Bi Itakuwaje anakisoma, anatia sahihi, na kinakwenda kwa mwandishi wa programu siku hiyo hiyo. Alilalamika mara moja, akaambiwa kipande kidogo kinasomeka vizuri zaidi. Kweli kilisomeka. Alitia sahihi vipande tisa, na kila kimoja kilikuwa safi.

Jumatatu mfumo uliwashwa hospitalini kwa majaribio, katika wodi ya wazazi na benki ya damu. Waraka wenyewe ulikuwa bado haujaunganishwa. Jumatano asubuhi Leo-leo alimwekea mezani kurasa mia na arobaini, nakala za vipande vile pamoja na maandishi yake ya penseli, zikiwa bado na joto la mashine.

"Mama, angalia tu namba za kurasa na vichwa vya habari. Hospitali wanautaka leo wauweke kwenye faili."

"Niusome wote?"

"Ulishausoma. Angalia namba."

Siku hiyo akili yake haikuwa ofisini. Mdogo wake wa pekee alikuwa amelazwa katika hospitali hiyo hiyo, mimba ya miezi minane na nusu, kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia ya mtoto. Daktari alikuwa amepanga kumpasua saa saba mchana. Upasuaji wa namna hiyo huweza kumwaga damu nyingi kwa dakika chache, na damu ya mdogo wake ni ya kisirani: ilikuwa imeshajenga kinga dhidi ya damu za watu wengi. Walipima chupa baada ya chupa, zikapatana mbili tu. Kwa kweli ni mifuko, lakini kila mtu husema chupa. Zilitengwa kwa jina lake Jumanne saa tatu asubuhi, na kwenye skrini ya wodi likatokea neno TAYARI kwa rangi ya kijani.

"Usiwe na wasiwasi," alikuwa amemwambia mdogo wake. "Huo mfumo ni wetu. Nimeupitia kwa mkono wangu."

Alikusudia kutoka saa sita awahi kumshika mkono kabla hajaingizwa. Akaanza kuangalia namba za kurasa. Lakini macho yaliyozoea kusoma hayajui kuangalia namba tu, na kwenye kifungu 4.2 yalisimama. "Damu iliyotengwa kwa mgonjwa itabaki imetengwa kwa saa sabini na mbili tangu sampuli yake ilipochukuliwa." Vizuri. Aliikumbuka, Mchambuzi aliiandika baada ya kuzungumza na wakunga. Jaribio lake lilikuwa pale pembeni. Akaendelea.

Kurasa hamsini mbele akakuta 7.5. "Damu iliyotengwa ambayo haijachukuliwa ndani ya saa ishirini na nne itarudishwa kwenye akiba ya wote bila kuhitaji idhini." Hii nayo aliikumbuka. Mkuu wa benki ya damu ndiye aliyeitaka, maana damu ilikuwa ikimharibikia kwenye friji ikiwangojea watu wasiokuja. Jaribio lake nalo lilikuwepo, kwa penseli ile ile.

Kila kifungu kilikuwa na sababu yake, kilipimika, na kilikuwa na sahihi yake chini. Vililetwa wiki mbili tofauti, na hakuna siku ambayo vilikaa mezani pamoja.

Alitazama saa. Saa tano na robo. Akahesabu kwa vidole, kama mtoto, kutoka Jumanne saa tatu. Saa ishirini na nne zilikuwa zimeshapita.

Alikimbia mpaka chumba cha nyuma, alikokaa mwandishi wa programu, mtu mpole aliyeshinda na vipokea sauti masikioni. Akamvua kimoja.

"Nne nukta mbili na saba nukta tano. Ulifuata ipi?"

"Ya saba," alisema. "Niliona hazielewani. Ya saba ndiyo ilikuja mwisho, nikajua mmebadilisha mawazo."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Dada, ilikuwa na sahihi yako."

Akamtajia namba ya mgonjwa na kumwomba afungue kumbukumbu za mfumo. Jamaa alipiga vitufe, akasogea karibu na kioo, na uso wake ukabadilika.

"Zilirudi akiba saa tatu na dakika nne leo asubuhi. Zote mbili. Saa nne kasoro robo zikatolewa chumba cha dharura. Majeruhi wa ajali."

"Na wodi? Wodi waliambiwa?"

"Taarifa ilitumwa. Haikufika. Mtandao wao ulikuwa chini kwa dakika kumi hivi."

"Ikashindwa kufika, halafu ikafanya nini?"

"Haikufanya kitu." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. "Kifungu 5.9 kinasema itumwe. Hakisemi ikishindwa ifanyeje."

Yeye, Bi Itakuwaje, mwanamke aliyeuliza itakuwaje hata kuhusu kengele ya mlangoni, hilo lilimpita. Na skrini je, si ingejisahihisha yenyewe? Alikumbuka sentensi ile kabla hajaitafuta: "Skrini za wodi zitasasishwa kwa wakati unaofaa." Unaofaa kwa nani? Alikuwa ameizungushia penseli na kuandika: haipimiki. Mchambuzi alijibu kwenye jedwali la hoja, orodha ya maswali yake na majibu yao, "Imezingatiwa," mstari ukageuka kijani, yaani hoja imefungwa, na kwa desturi ya ofisi yao mstari wa kijani haufunguliwi tena. Alikuwa amechoka siku ile. Akaacha.

Alimpigia mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Mama, mpe simu nesi. Yeyote. Sasa hivi."

"Mwanangu, wana haraka, upasuaji umesogezwa mbele, wanamwandaa mdogo wako. Wameshamvalisha gauni."

"Mama, nakuomba! Mpe simu!"

Alisikia hatua, mlango, mama akibembeleza, kisha sauti kavu. "Haya, nani?"

Alijieleza vibaya. Vifungu, saa, mtandao, vyote vilitoka kwa pamoja. Nesi alisikiliza kwa subira ya mtu mwenye kazi nyingine sita.

"Dada, usitutie hofu. Nipo mbele ya skrini. Chupa mbili, jina lake, TAYARI."

"Hiyo skrini haijui! Nesi, mimi ni mmoja wa waliotengeneza hicho kitu. Nakusihi, mtu aende benki ya damu afungue friji, azishike kwa mkono."

"Benki ya damu ipo jengo la pili."

"Basi piga simu wafungue wao. Kama zipo, nitakuja nikupigie magoti mbele ya wodi nzima."

Halafu akasikia simu ya mezani ikiinuliwa, maneno ya mbali, na kusubiri. Mkurugenzi alikuwa amefika mlangoni, kifuniko cha faili mkononi. "Mama, tumefikia wapi na zile namba?" Mwandishi wa programu alimwonyesha kwa mkono anyamaze, na kwa mara ya kwanza Leo-leo akanyamaza.

"Hamna," nesi alisema. Sauti ilikuwa imeishiwa ukavu wote. "Hamna hata moja. Na ameshapelekwa ndani." Simu ikaangushwa kitandani au sakafuni, na zikasikika mbio za viatu vya mpira.

Kwa dakika tisa hakuna aliyeiokota simu kule wodini. Alisimama amebandika simu sikioni, anasikiliza kelele za wodi ya watu wengine, anasikia mama yake akiuliza kwa mbali kuna nini na hakuna anayemjibu. Aliomba, akaapa mambo asiyoweza kuyatimiza. Alimchukia Leo-leo, akamchukia Mchambuzi na neno lake moja, kisha chuki ikaisha ikamwacha na kurasa zake.

Hatimaye sauti iliyomjia ilikuwa ya mdogo wake, nzito kidogo na yenye hasira.

"Dada? Wamenitoa. Nilikuwa nimeshalala mezani, daktari ameshanawa, nesi akaingia anapiga kelele. Hawajanigusa."

Alikaa chini sakafuni, kati ya nyaya.

"Wanasema wanapiga simu hospitali nyingine kutafuta damu," mdogo wake aliendelea. "Labda kesho. Labda keshokutwa. Daktari kasema nilale ubavu, nisiinuke hata kwenda chooni, maana ikianza kutoka kabla haijapatikana..." Hakumalizia. "Nesi anasema mfumo umeharibika. Si wako huo, dada? Umeharibika?"

Mkurugenzi alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. Alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, kumwomba aseme ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa rahisi, na lisingemuumiza mtu yeyote pale ndani.

"Haujaharibika," alisema. "Umefanya kama ulivyoandikiwa."

"Nani aliandika hivyo?"

"Mwenzangu aliandika. Mimi ndiye niliyesoma, nikasema ni sawa."

Alisikia pumzi ya mdogo wake, fupi fupi, ya mtu aliyekatazwa kusogea.

"Mpe mama simu," mdogo wake alimwambia nesi. "Sitaki kuongea naye sasa hivi."