Bati za Bibi Kule Zombo

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Mikumi kwenda Kilosa kumsalimu mama, gari likapata pancha Zombo. Utingo akasema tushuke, tunyooshe miguu. Nikajikuta natembea kwenda mahali ilipokuwa nyumba ya bibi, mama yake baba. Nyumba haipo. Pamebaki kifusi cha matofali na mpapai uliojiotea wenyewe, na bati mbili tatu zenye kutu ambazo jirani amezihamishia kwenye banda lake la kuku. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, maana bati zile, ndugu yangu, nusura zituachishe kula wali.

Nikwambie tulivyoishi. Mama alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii kule Mikumi. Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda hadi kuwasimamia wapishi wenzake, wengine wanaume wenye ndevu. Alikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, na kila alipopata ofu, siku zake za mapumziko, alikuja Kilosa na begi lake lenye harufu ya vitunguu. Baba alibaki na sisi. Alikuwa mkulima wa mpunga, shamba lake lilikuwa Tindiga, na kiangazi alifyatua matofali. Mshahara wa mama ulizidi alichopata baba kwa mbali, na hilo Kilosa nzima ililijua, kwa sababu hela ilikuja kwa simu na wakala wetu hakuwa na sauti ya chini. Baba akifika tu kibandani, unamsikia: "Shikamoo mzee! Naona mama watoto ameshatuma!"

Baba aliitikia marahaba na kuhesabiwa zake mbele ya foleni.

Nyumbani baba ndiye aliyepika. Hakupika kwa kuona haya, alipika akipiga mluzi, na wali wake ulikuwa na ukoko mwembamba wa kahawia ambao mimi na kaka yangu tuliugombania hadi tukagawiwa kwa kijiko. Alinisuka nywele pia, vibaya sana. Twende kilioni zilianza nne zikaishia tatu. Mama akirudi alizifumua kimya kimya akazisuka upya, na hakuwahi kusema neno mbele ya baba.

Majirani wao walisema. Walisema baba kakaliwa na mkewe. Walisema kalishwa limbwata, na mama mmoja wa mtaa wa pili alitaka hadi kumwuliza mama dawa aliipata wapi. Mama alicheka akasema dawa ni kumpata mwanaume anayejua kupika maharage. Lakini mama naye hakusalimika. Nyanya, mama yake mzazi, alimwambia kila mara walipoonana: "Mwanangu, hela yako ifiche kidogo, mwanaume akizoea kuletewa mikono inalegea." Na kazini wenzake walimtania kwamba analea mume.

Basi mama akabuni njia yake ya kumsitiri baba. Akiwa ofu, Jumamosi alipiga pasi shati la baba la kanisani na kuweka noti kwenye mfuko wa kifuani. Hawakuwahi kulizungumza. Baba alivaa shati, na kukiwa na harambee au mchango wa harusi, alitoa yeye. Watu wakampigia makofi. Alipata jina la mtu mwenye mkono wazi. Mimi nilijivuna, mtoto anajua nini? Sikuelewa kwa nini siku za kusifiwa sana ndizo baba alirudi nyumbani akajilaza bila kula.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, paa la nyasi la bibi lilioza. Mvua ikinyesha anahamisha kitanda kutoka kona hii hadi ile. Baba mkubwa, kaka yake baba, akaitisha kikao cha familia. Kila mmoja aseme atatoa nini ili nyumba ijengwe upya kabla ya vuli. Mmoja akasema mbao, mwingine misumari na fundi. Ikafika zamu ya baba.

"Matofali na bati niachieni mimi," akasema.

Mama alikuwa ameshamwambia bati atanunua yeye. Kikao kilipiga makofi, bibi akapiga vigelegele, na baba akakaa chini akiangalia vidole vyake vya miguu.

Maneno yalitokea mashineni, tulipokwenda kukoboa mpunga. Baba alikuwa anamimina debe, mimi nimeshika mfuko. Mzee mmoja akamwambia mwenzake, wala hakunong'ona: "Huyu anamwezekea mama yake kwa hela ya sketi." Wakacheka. Baba alimaliza kukoboa, akafunga kiroba, akakibeba. Njia nzima hakupiga mluzi.

Siku chache baadaye akaja mfanyabiashara mmoja wa mjini akakaribishwa chai, na kutoka kwenye mazungumzo yao nikaelewa: baba anauza shamba la Tindiga. Lote. Anunue bati kwa hela yake mwenyewe, bati ambazo hakuna mtu angezisemea maneno. Niliogopa. Shamba lile ndilo lililokuwa chakula chetu. Kaka yangu alitaka kujua kama tutakula ugali kila siku, baba akamwambia aende akachote maji.

Kilichotuokoa ni utaratibu. Walipofika ofisi ya kijiji kuandikishana, mtendaji akamwuliza baba, mama watoto yuko wapi? Shamba la familia haliuzwi mke hajasaini. Kwa hiyo baba, aliyetaka kufanya jambo moja bila mkono wa mama, ikabidi ampigie simu Mikumi aje aweke sahihi.

Mama aliomba ruhusa akaja. Nilitegemea ugomvi, haukutokea. Alimsalimu, akala alichopikiwa, akasema, "Baba watoto, twende kwanza nikalione." Asubuhi tukapanda pikipiki hadi Tindiga, mshikaki, dereva na baba na mama, na mimi nikiwa juu ya tangi la mafuta kwa kuwa nilikataa kuachwa.

Mpunga ulikuwa umeshavunwa, yamebaki mabua na ng'ombe wa wafugaji wakipita pembeni. Walikaa juu ya tuta. Mimi niliambiwa nikaokote masalia ya mpunga, nikaokota palepale karibu ili nisikie.

"Masika wageni wakipungua, hoteli inaturudisha nyumbani bila mshahara," mama alisema. "Mwaka juzi tulikula nini ile miezi?"

"Mpunga."

"Mwakani tutatafuna bati?"

Baba hakucheka. Akasema, "Nimechoka kusifiwa kwa hela ya mfukoni ambayo sikuiweka mimi. Wanaonipigia makofi wanajua. Nawaona wanavyotazamana."

"Nilikuwa nakusitiri."

"Umenisitiri mpaka sionekani, mama watoto. Hata ninachofanya kweli hakionekani."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Sikuwa nimewahi kumwona mama akilia, yeye aliyeamrisha wanaume wenye ndevu. Alisema na yeye amechoka. Amechoka kuomba radhi kwa mshahara wake kana kwamba ameuiba. Kila akipandishwa cheo, anaanza kufikiria atamwambiaje mumewe, wakati wenzake hupiga simu nyumbani wakifurahi. Baba akasogea karibu. Akamwambia, na haya nayakumbuka neno kwa neno, "Cheo cha mwisho nilikisikia kwa wakala. Kingine niambie mimi kwanza."

Walizungumza hadi jua likawa kali. Walipoinuka walikuwa wamekubaliana mambo: shamba haliuzwi. Mshahara ukiingia wanakaa wote wawili kuupangia, na mpunga ukivunwa vilevile, wote wawili. Bati ananunua mama, matofali anachoma baba. Na mfuko wa shati ubaki na leso tu. Kuhusu watu, baba alisema hao atawajibu mwenyewe.

Na aliwajibu. Siku ya kuezeka, Zombo ilijaa ndugu na majirani. Sufuria za wali zilikuwa zinatokota, nyama inanukia, fundi na baba wako juu ya kenchi za paa. Baba mkubwa akakohoa, akaanza hotuba ya kumshukuru mdogo wake kwa bati. Baba akatoa misumari mdomoni.

"Kaka, samahani. Bati amenunua mke wangu. Matofali nimechoma mimi. Mchele mtakaokula nimelima mimi, nyama ni ya kwake. Mwenye swali aniulize sasa hivi nikiwa huku juu, maana nikishuka nina njaa."

Nilimwangalia mama, alikuwa ameshika mwiko hewani. Baba mkubwa akatikisa kichwa akasema ile methali ya wazee, "Mume kazi, mke nguo." Alikuwa na maana kwamba mume ndiye wa kutafuta, mke ni wa kuvishwa, na kwamba leo dunia imepinduka.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Akajibu bila kuinua sauti: "Mimi mvua iliponinyeshea haikuuliza mshahara wa mtu. Pandisha bati, mwanangu. Na wewe mkwe wangu, njoo ukae hapa karibu yangu."

Nyundo zikaanza kulia tena.

Usidhani maneno yaliisha. Baba alipewa jina, akaitwa Mzee Bati, na wapo waliomwita hivyo hadi uzeeni. Siku nyingine alicheka nao. Siku nyingine lilimchoma, akarudi amenuna, na mama kama yupo alimkalia karibu bila kumwuliza. Masika iliyofuata hoteli ikawarudisha wafanyakazi kweli, tukala mpunga wa Tindiga miezi yote ile, na watu walewale wakasema sasa baba ndiye mwanaume. Tulivyocheka nyumbani siku hiyo! Baba alicheka hadi akaunguza mboga.

Bibi alilala chini ya bati zile miaka saba, pakavu. Alipofariki nyumba ikakosa mtu, na nyumba isiyo na mtu haidumu. Baba naye alitutoka mwaka juzi. Siku ya mazishi walipokuwa wanaandaa wasifu wake, wakaandika mkulima hodari, mfyatuaji matofali, mcha Mungu. Mama akasema bado haujatimia. Wakamwuliza waongeze nini. Akasema waandike kwamba yeye mkewe, tangu aanze kazi hotelini, hakuwahi kurudi Kilosa akakuta jiko limezimika. Msomaji alisita, akamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa akamwambia, "Soma kama alivyosema." Akasoma, mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka.

Gari lilipozibwa pancha tukaendelea na safari. Nilifika Kilosa jioni, nikamkuta mama, ambaye siku hizi ameacha kazi ya hoteli, na yeye ndiyo kwanza anaingia kutoka Tindiga kuangalia mpunga, viatu vina tope. Aliweka begi chini, akakaa kidogo mlangoni, akajifunga kanga, akaenda kuwasha moto mwenyewe.