Shuti Langu Lililomvunja Bi Sindano Mkono

Mtaani kwetu ukiuliza kwa Bi Sindano, hata mtoto wa chekechea anakuonyesha mlango. Ni fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na kitu, na mdomo wake hauna breki. Timu yetu ya mtaa hailipi mtu, tunacheza Jumamosi tukishatoka kazini, na jezi zote alizishona yeye. Mimi ni mpaka rangi, navaa namba tisa.

Siku ya mechi alikuwa anakaa nyuma ya goli, juu ya ndoo aliyoipindua, sindano mkononi. Kaptula ikikuchanikia unamkimbilia, anakushona ukiwa umesimama hivyo hivyo, unarudi kucheza. Klabu yenyewe ndiyo ilimwomba akae pale.

Sasa siku hiyo, zimebaki dakika chache, krosi ikaja, nikapiga shuti kwa nguvu zangu zote. Mpira ukapita nje kidogo ya mwamba. Bi Sindano akakinga uso kwa mkono wa kulia, kifundo kikavunjika.

Wiki saba mkono uko ndani ya plasta ngumu, cherehani imefunikwa shuka, wateja wakahamia kwingine. Nilipoenda kumwona akasema, "Goli lote lile, mwanangu, ukaniona mimi tu?"

Kaka yake, dereva wa lori, hakucheka. Alimshawishi afungue kesi, adai fidia kwa klabu na kwangu pia. Klabu ina mipira mitatu na nyavu zenye matundu. Tukishindwa, timu imekufa, na mimi ningelipa mpaka nizeeke. Lakini na yeye alikuwa amekaa wiki saba bila kazi. Sikujua nimwombee nani.

Mahakamani, kwenye korido, nilimsikia kaka mtu. "Dada, wewe sema ulikuwa kazini. Mtu aliyewekwa mahali na klabu hakuchagua kukaa pale. Hapo tumewamaliza."

Bi Sindano akatangulia kuingia ndani.

Hakimu alikuwa mama mmoja mpole, miwani imeshuka puani. Mwenyekiti wetu, muuza mabomba, alieleza kwamba wakati wa mapumziko alimwambia Bi Sindano kazi imeisha, ahamie kwenye mabenchi ya pembeni.

"Nani alikusikia?" hakimu akauliza.

"Tulikuwa wawili tu, Mheshimiwa."

Nikajua tumekwisha. Neno la mwenyekiti peke yake, nani angeliamini? Hakimu akamgeukia Bi Sindano. "Mama, alikwambia?"

Kaka yake akakohoa.

"Aliniambia, Mheshimiwa. Nikamwambia aniache. Sindano nilishaitia mkobani. Kipindi cha pili nilikaa kwa raha zangu."

"Ulijua mipira inafika pale?"

"Miaka sita nakaa pale. Mpira umeshanimwagia chai mara mbili."

"Na kwamba unaweza kukuumiza?"

"Nilijua. Nikasema ukija nitaukwepa. Haukukwepeka."

Watu wakacheka, hata karani.

"Huyu kijana alipiga baada ya filimbi? Au kwa hasira?"

"Wala. Alikuwa anatafuta bao. Shabaha hana, ila nia anayo."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma taratibu. Alisema kujua hatari peke yake hakumnyimi mtu haki yake, lazima awe ameikubali kwa hiari. Kama Bi Sindano angekuwa bado anafanya kazi aliyopewa na klabu, lingekuwa jambo jingine. Na kama mimi ningempiga makusudi au kwa uzembe, lingekuwa jambo jingine pia. Lakini kazi ilishaisha, mahali salama alionyeshwa, akachagua mwenyewe kubaki, na mpira ulitoka kwenye mchezo wa kawaida. Dai likatupwa.

Nje, kaka yake alishika kichwa. "Dada, umejichinja mwenyewe."

"Na wewe ulitaka niwashonee wale watoto huku nakwepa macho yao? Twende, nina njaa."

Nikamfuata mpaka kwenye ngazi. Nikamwambia, "Asante, mama."

"Asante yako haikati kitambaa," akasema. "Jumatatu saa moja uwe kwangu."

Nimeacha shule, nimeacha gereji, nimeacha duka la mjomba, kila kitu nilikuwa naacha. Hili sijaliacha, mwaka wa pili huu. Kabla ya kwenda kupaka rangi napita kwake, namshikia kitambaa kizito, kwa sababu asubuhi kile kifundo hakigeuki vizuri. Ananitukana wee, mpaka mkono upate joto. Hakimu alisema sidaiwi, na yeye hajawahi kunidai. Juzi aliniachia pindo la pazia nilishone peke yangu. Limepinda kama mto. Akaliangalia, akalikunja, akamuuzia mteja bei nafuu.