Bibi Zangu Hupenda Ndiyi

Kompyuta ile niliipata kwa mpwa wangu aliyekuwa akisoma Ujerumani. Aliiweka tayari kabisa kabla ya kunikabidhi, na akanionya kwamba diski yake imefungwa kwa siri: kila nikiiwasha ningeandika neno la siri kwanza, kabla hata mashine haijaamka vizuri. Nikachagua sentensi nisiyoweza kuisahau: bibi yangu hupenda ndizi mzuzu. Baobonye yake, yaani kibodi, ilikuwa ya Kijerumani, herufi z ikiwa katikati ya mstari wa juu, mahali ambapo kompyuta nyingine zina y. Vidole vyangu vilizoea baada ya mwezi.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kurekodi wazee wa vijiji vinavyozunguka Amani wakitaja miti ya dawa kwa Kishambaa. Mmoja wao, bibi aliyekuwa akinikaripia kila nilipoliita jani kwa jina lisilo lake, alikuwa amefariki wiki mbili nyuma. Sauti yake ilikuwa humo ndani, na nakala sikuwa nayo. Mtandao wa kule mlimani ulikuwa haupandishi faili kubwa, nami nilikuwa nikiahirisha kununua diski ya pembeni.

Asubuhi moja niliiwasha, nikaandika sentensi yangu. Ikajibu kwamba hakuna ufunguo unaolingana. Nikarudia polepole, kidole kimoja kimoja. Ikakataa. Pale siri inapoandikwa huoni unachoandika, ni nyota tupu. Mara ya tatu nikaizima, nikaenda kunawa uso.

Sijui nieleze vipi hali ile. Jana yake sentensi hiyohiyo ilinifungulia. Nilianza kujiuliza kama niliandika "apenda" au "hupenda", kama kulikuwa na herufi kubwa, kama bibi alikuwa "yangu" au "yetu". Kufika adhuhuri nilikuwa sina uhakika hata wa ndizi. Mume wangu aliniuliza kama kuna mtu ameibadilisha. Nikamjibu kwa ukali, kisha nikaanza kumwangalia kama aliyeibadilisha ni yeye.

Fundi wa kwanza mjini Tanga aliitazama dakika mbili. "Diski imekufa mama. Tuifute tuweke upya."

"Ukifuta, vilivyomo?"

"Ndiyo vimekwenda hivyo."

Nikaifunga kwenye khanga nikaondoka.

Nilimpigia binti mmoja anayesimamia maabara ya kompyuta chuoni. Nilimfundisha biolojia zamani. Akaniita nije.

"Shikamoo mwalimu. Hebu iwashe, uandike kama kawaida."

Ilipokataa mara ya tatu nikanyoosha mkono niizime.

"Iache," akasema. "Tuone inaishia wapi."

Ikakaa kimya dakika kadhaa, halafu kikatokea kioo cheusi chenye mstari wa kuandikia amri. Sikuwahi kukifikia, maana siku zote niliizima mapema.

"Hapa herufi zinaonekana. Andika neno lolote, lisiwe la siri."

Nikaandika Muheza. Kioo kikaonyesha Muheya.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Muheya tena. Yule binti akainamia baobonye, akacheka kidogo, kisha akaniuliza kama siku zile niliisasisha mashine. Niliisasisha, ndiyo, usiku wa kuamkia siku iliponikataa. Katikati kilitokea kwenye kioo kisanduku cha kijivu kilichouliza habari za baobonye, nami nikabonyeza kukubali bila kusoma.

"Basi ulikubali ya Kimarekani," akasema. "Ukishaingia ndani mazingira yako yangali ya Kijerumani. Lakini hapa mwanzo, kabla diski haijafunguka, mipangilio yako haisomeki bado. Ipo ileile uliyoikubali. Ukibonyeza z unapata y, na y unapata z."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiandika..."

Nikachukua karatasi, nikaandika: bibi zangu hupenda ndiyi myuyu. Sikuelewa vizuri bado, nikamwomba anieleze tena, naye akanieleza tena bila kuchoka.

Tukaiwasha upya. Penye z nikabonyeza kitufe kilichoandikwa y, penye y kitufe cha z, huku yeye akinifuatilia kwa kidole juu ya karatasi. Nikabonyeza kitufe cha kuingiza. Diski ikafunguka.

Kabla ya jambo lolote akanakili rekodi zote. Kisha akarudisha mpangilio wa Kijerumani, akaitengeneza upya ile sehemu ndogo inayowasha mashine ili nayo iujue, akaizima na kuiwasha mbele yangu. Sentensi yangu ikapita kama zamani. Siku hiyohiyo nikaibadilisha, na karatasi nikaichana.

Nikamwomba anisikilizishe rekodi moja. Sauti ya yule bibi aliyefariki ikatoka kwenye spika ndogo, ikinikaripia kuhusu jani. Binti yule hajui Kishambaa. Akaniuliza amesema nini, nami kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kulia nikamwambia tu kwamba anasema nimekosea jina.