Fundi Aliyekataa Kulichubua Kabati

Jamaldini, fundi wa vanishi wa Kijenge, ana tabia inayomkera mkewe: akiitwa kazini anaweza kuikataa kazi yenyewe. Karakana yetu ni moja. Mimi hushona vitambaa vya makochi, na siku ile tuliitwa pamoja kwa Godwin.

Godwin ni mhasibu, na alikuwa amemchukua mama yake, Mama Fransiska, kutoka mlimani ili aishi naye. Mama alikuja na kitu kimoja kikubwa, kabati la mninga alilolichonga marehemu mumewe. Lakini sebuleni tayari kulikuwa na viti vya mvule na ukuta wa rangi ya kijivu iliyochaguliwa dukani chini ya taa nyeupe. Kabati lilipoingia likaonekana la rangi ya chungwa.

"Lichubue, ulipake staini nyeusi," Godwin alisema. "Linaharibu nyumba."

Mama alikuwa pembeni, akisikia yote. Nilimhurumia.

"Shikamoo, mama," Jamaldini akasema.

"Marahaba, mwanangu. Fanyeni mnavyotaka. Mimi nitarudi mlimani."

Jamaldini akatoa karatasi nyeupe, akaiegemeza kwenye kila kitu kwa zamu, karibu na dirisha, ili weupe wake ufichue rangi iliyojificha. Mninga ukaonyesha wekundu, mvule umanjano. Ukuta, ambao Godwin aliapa ni kijivu tu, ukaonyesha ubuluu.

"Huo ubuluu ndio unaolichochea kabati lionekane la chungwa," alisema.

Godwin hakuamini. Basi tukalibeba mpaka barazani, kwenye ukuta wa krimu, na pale likatulia, kahawia ya kawaida kabisa. Nyani haoni kundule: mwenye nyumba alililaumu kabati, kumbe kosa ni la ndoo yake mwenyewe ya rangi.

"Hata hivyo, viti na kabati haviendani," Godwin alishikilia.

"Staini haizibi rangi ya mti, kaka. Nikitia nyeusi, wekundu utachungulia tu. Kuutoa kwenye mninga ni vita, lakini kuuongeza kwenye mvule ni rahisi. Hilo kabati siligusi."

Alichanganya tone la wekundu kwenye vanishi, akajaribu chini ya kiti kimoja, akakitazama dirishani, kisha chini ya taa. Tone la pili likatosha. Ukuta akashauri krimu yenye joto kidogo, isiyo na upinki. Kazi kubwa ikamwendea fundi wa rangi za ukuta, na mimi nilimcheka Jamaldini njia nzima ya kurudi.

Wiki iliyofuata nilipeleka vitambaa, ukuta ukiwa umeshapakwa krimu. Viti na kabati havikufanana, ila vilionekana ndugu. Mama Fransiska alikuwa akipanga sahani kabatini.

"Godwin," alisema bila kugeuka, "siku ile uliposema lichubuliwe, nilisikia unanisema mimi."

Godwin akapiga magoti kwenye boksi la vyombo, akaanza kumpokeza sahani moja moja.