Kola ya Baba na Uji wa Muhogo

Nguo inayofuliwa kila wiki inawezaje kuzidi kuwa nzito? Nilijiuliza hivyo nikianua kanzu nyeupe ya Baba, Jumamosi moja nilipokuwa nimetoka chuoni Nchiru. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mibuni. Kanzu ilining'inia ndani yake kama mtu asiye na kichwa, na upepo haukuitikisa.

Baba alikuwa msomaji wa kanisa letu na hakuwa na kanzu nyingine. Kesho yake askofu alikuwa anakuja. Nayo kola ilikuwa imeanza kukatika mbele ya koo, pale inapopinda.

"Ni sabuni za siku hizi," Mama alisema. Alikoroga unga wa muhogo wa kukazia kanzu kwa maji baridi, akaumiminia maji yanayochemka, ule weupe ukafifia mpaka uji ukawa kama kioo. "Leo nitaukaza zaidi."

"Na ule wa wiki jana ulienda wapi?"

"Ulitoka na maji, mwari wangu. Uende wapi tena?"

Maji yetu hutoka mlimani kwa mfereji, baridi ya kuuma vidole, na Mama hakufulia nguo nyeupe maji mengine. Aliamini maji ya moto hupika uchafu ukashika. Nilikwangua kola kwa ukucha, magamba ya manjano yakadondoka.

"Haukutoka, Mama. Umelala juu ya mwenzake."

"Huko chuo mnafundishwa kukwangua nguo za watu?" Lakini aliyatazama magamba yale kwa muda. "Ikiharibika, utamvalisha shuka lako la hosteli mbele ya askofu."

Tuliitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, tukangoja. Maji yakawa na utelezi, yakapauka kama yaliyooshewa mchele. Tukamwaga, tukarudia, mpaka yakabaki maji tu. Pamba ikarudi kuwa pamba, laini hadi nikaogopa. Uji ndio uliokuwa ukiivunja kola, na uji huohuo ndio uliokuwa umeishikilia. Sasa ufa ulifunguka wote.

Mama alichukua sindano. Aliushona kwa uzi mweupe, mishono midogo kama punje za wimbi, kisha akauongeza uji maji mpaka ukawa mwepesi kama maziwa. Tulichovya, tukakamua, tukaanika karibu na meko, tukapiga pasi ikiwa bado na unyevu. Pasi iliteleza bila kunata.

Asubuhi kola ilisimama. Baba alisoma somo lake mbele ya askofu, na kila alipofungua ukurasa kanzu ilitikisika kidogo, kama inayopumua. Mama alinibana kidole chini ya leso yake.

Muda mrefu baadaye Mama aliniambia jambo ambalo Baba hakuwahi kulitaja: kabla ya Jumapili ile, kila akitoka kanisani alikuwa akipita zizini kwanza, akijipaka shingoni mafuta ya kukamulia ng'ombe, kwa sababu kola ilikuwa ikimchuna ngozi.